Miezi Minne Asiyokuwepo

Kazini walimwita Sindano, kwa sababu kitu kidogo kikipotea ndiye aliyekiona. Alipoacha kazi katika kiwanda cha sare, alikodi chumba cha kushonea. Kilichobaki kilikuwa mashine ya kutoboa matundu ya vifungo, na kuinunua alitegemea akiba yake ya pensheni.

Miezi sita ambayo aliyeacha kazi hutakiwa kusubiri ilipotimia, alifika dirishani kwenye mfuko wa pensheni na bahasha iliyopangwa: fomu ya madai, kitambulisho, kadi ya uanachama, barua ya ajira na taarifa ya benki.

"Umri wa kustaafu bado, huumwi, huhami nchi," karani alisema. "Basi sababu yako ni kukosa ajira. Utapata mchango wako tu. Wa mwajiri unabaki mpaka ustaafu."

"Najua."

Karani aliikodolea macho kompyuta. "Dada, mbona hapa uko kazini? Mchango wa mwisho umeingia miezi miwili iliyopita. Kwetu sisi, una miezi miwili tu ya kukaa bila kazi."

Sindano alipiga hesabu: yeye aliacha kazi miezi sita iliyopita. Nani alikuwa amekalia kiti chake miezi minne yote hiyo?

Kiwandani, mkuu wa utumishi alimvutia kiti mwenyewe. Mtu huyu, kwa miaka saba, alipokea salamu zake kama mtu anayefukuza nzi.

"Mwanangu, ni kompyuta hizi tu," alisema, akimsogezea barua. "Saini hapa, yaishe leo leo."

Sindano aliisoma mara mbili. Ilisema aliacha kazi miezi miwili iliyopita.

"Nikisaini, nasubiri tena miezi minne."

"Miezi minne ni nini kwa kijana kama wewe?"

"Na mshahara wa miezi hiyo alipokea nani?"

"Mshahara upi tena?"

"Mchango haukatwi hewani, mzee."

Mkuu alianza kuchezea kifuniko cha kalamu. Sindano aliomba nakala ya barua hiyo akaisome nyumbani.

"Hii haitoki ofisini."

"Basi na saini yangu haitoki mkobani."

Alirudi dirishani kabla hapajafungwa, akatoa karatasi ambayo hakuna aliyemwomba: nakala ya barua yake ya kuacha kazi, yenye muhuri wa kupokelewa, tarehe, na saini ya mkuu wa utumishi mwenyewe.

Karani aliigeuza mbele na nyuma, kisha akamwita mkaguzi, wakanong'onezana. Sindano hakuupenda ule mnong'ono.

"Tutamfuata mwajiri arekebishe rekodi," karani alisema. "Ikithibitishwa, miezi yako sita itahesabiwa kuanzia tarehe hii. Lakini kwa sasa madai yanasimama, na siwezi kukuahidi siku."

Mashine ya vifungo ingengoja. Sindano aliandika malalamiko yake kwa nakala mbili, akazipitisha zote chini ya kioo.

"Moja inatosha, dada."

"Ya pili ni yangu."

Karani akacheka. "Kumbe hata mimi huniamini?"

"Nakuamini sana. Gonga muhuri."