Sura ya Mama Kwenye Masala ya Chai

Mama alikuwa na wiki tatu kaburini mimi na dada yangu tulipopeleka pakiti za masala yake ya chai kwenye duka kubwa la Njiro. Lebo niliichora mimi, mhitimu wa masomo ya jioni ya kuchora kwa kompyuta, fundi kuliko wote kuanzia Olasiti hadi kilele cha Meru. Upande mzima wa mbele niliweka sura ya Mama, anacheka.

Msimamizi wa rafu, mama wa makamo mwenye kalamu sikioni, alitupa pole, akasimamisha pakiti kwenye boksi lake la rafuni, kisha akarudi nyuma hatua tano.

"Kaka, hebu soma unachouza."

Ukingo wa boksi ulikuwa umemeza sehemu yote ya chini, na huko ndiko nilikoandika MASALA YA CHAI. Alibaki Mama tu.

"Mteja anapita na toroli lake. Atajuaje kama hii ni pilipili au tangazo la msiba?" Akaziba mdomo. "Samahani, jamani."

Dada yangu alicheka. Nami nikacheka, kicheko cha kuangusha makopo ya nyanya. Ndani sikusikia kitu.

Msimamizi akaigeuza pakiti. Nyuma nilikuwa nimeandika maisha ya Mama tangu ubatizo. Viambato, uzito na anwani yetu nilivisukumia chini, kwa herufi ambazo hata sisimizi angeomba miwani.

"Na tarehe ya mwisho wa kutumika mtaigonga wapi?" Akagonga muhuri wake juu ya plastiki inayong'aa, akapitisha kidole. Wino ukaondoka wote. "Jina la bidhaa lipande juu, likae kubwa. Nyuma anzeni na yanayotakiwa kisheria, hadithi isubiri nafasi. Muache kiraka kisichong'aa cha tarehe na namba ya toleo. Mkirudi hivyo, nawapa rafu ya usawa wa macho."

"Na Mama?" dada akauliza.

"Simkatai mama yenu, mdogo wangu. Pakiti ndiyo ndogo."

Tukarudi Daraja Mbili, kwenye duka la steshenari ninakofanya kazi ya kuchapa, nikafungua kompyuta. Nikampunguza Mama akawa picha ya pasipoti. Nikampunguza tena akawa kifungo cha shati.

"Mtoe tu," dada akasema. "Usimfanye stempu."

Nikabonyeza kitufe cha kufuta. Nikasubiri machozi, yale niliyowaahidi watu kwamba yangefurika mpaka sokoni. Hayakuja. Mahali pa kidevu chake nikaweka uzito.

Vikabaki viambato, vinavyopangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Nikaandika iliki.

"Anza na tangawizi," dada akasema.

"Si Mama alikuwa anawaambia wateja ni iliki tupu?"

"Alikuwa anawaambia. Mimi ndiye niliyekuwa natwanga."

Tangawizi, mdalasini, pilipili manga, karafuu. Iliki ikaja ya mwisho. Nikaisogeza kushoto kidogo, isiguse kiraka cha tarehe.