Kabichi ya Miezi Miwili

Mwaka ule tulipokimbia vita Djugu, sikuwa nikisikia kitu ndani yangu. Mama yangu alifia njiani, nasi tukaendelea kutembea. Nilipofika Bunia nikapata kazi kwa mama mmoja wa Butembo, muuza mbegu za mboga sokoni. Alijua kwamba nilikuwa mwalimu. Akaniambia nimwandikie karatasi ya maelezo ya kupanda kabichi pamoja na lebo ya pakiti.

Nilikaa nyuma ya magunia nikaandika. Sia mbegu kwenye kitalu, kwa mistari. Funika na udongo mwembamba, weka majani makavu juu, mwagilia asubuhi na jioni. Mbegu zikiota, ondoa yale majani. Baada ya wiki nne hamisha miche, hatua moja kati ya muche na muche. Mbegu zimetiwa dawa: usizile.

Aliposoma akasema, "Mwalimu, hii ni masomo. Tia sukari. Andika: kabichi kubwa, miezi miwili tu!"

"Mama, toka kitalu mpaka kuvuna iko miezi mine."

"Nani atanunua miezi mine? Andika."

Nikaandika. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Lebo zikapigwa fotokopi, tukazibandika. Siku iliyofuata akaja mama mmoja kutoka kambi ya wakimbizi, mtoto mgongoni. Hakujua kusoma; akaniomba nimsomee pakiti. Nilipofika kwenye miezi miwili akanisimamisha.

"Ni kweli? Niko na kishamba ya kukodi, mwenye shamba anaikamata tena kiisha miezi tatu. Nitavuna mbele ya siku ile?"

Tajiri wangu alikuwa pale, ananitazama. Nilisikia sauti yangu ikitoka kama ya mtu anayesoma tangazo kanisani.

"Hapana, mama. Utaacha kabichi mu shamba ya mwenyewe, ikiwa ingali ndogo."

Mama yule akairudisha pakiti mezani taratibu. Nilijua nimefukuzwa kazi, na hata hilo halikunigusa.

Muuza mbegu akainama, akatoa pakiti ya mbegu za lengalenga, mchicha wa kwetu.

"Weye kamata hii," akamwambia. "Wiki nne unakula. Unakata juu, inaota tena." Kisha akanigeukia. "Mwambie namna ya kusia."

Nikamwambia: mbegu zake ni ndogo sana, zichanganywe na mchanga mkavu ili zisirundikane mahali pamoja. Hata ndani ya gunia lenye udongo zinaota.

Alipoondoka, tajiri akanisukumia rundo la pakiti za kabichi.

"Bandua. Andika miezi mine. Lakini andika vizuri, watu wapende."

Nilibandua hadi kucha zikauma. Juu ya lebo mpya nikaandika: *Miezi minne, na kichwa kimoja kinashibisha nyumba nzima.* Akaisoma, akacheka, akasema sasa nimejua biashara.

Mwezi uliofuata yule mama alirudi kununua lengalenga nyingine, akaniletea fungu la majani aliyovuna. Nilimshukuru. Jioni niliyapika, nikayala yote bila kusikia ladha yake, nikaosha sufuria.