Safu ya Kiingereza

Mjukuu wangu alipoleta ripoti yake ya mwisho ya gredi ya tisa, mama yake aliisoma kama watu wote wanavyosoma ripoti, kutoka alama kubwa kwenda ndogo. Sayansi ya jamii themanini na tatu. Kiingereza sitini na moja. Hisabati hamsini na sita. Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kiwandani, eneo la Jacobs, nguo zikinuka rangi, na hata mkoba alikuwa hajautua.

"Hesabu ndiyo inatuangusha," akasema.

"Eish, Mama! Hesabu ndiyo naipenda."

"Kupenda na kupata ni vitu viwili."

Shule ilikuwa imeandika chini ya ripoti kwamba asiyefika sitini katika hisabati ataingia Maths Lit, zile hesabu za bajeti na bei za dukani. Mjukuu wangu anataka kuwa mfamasia tangu akiwa mdogo, na vyuo havimpokei mtu wa Maths Lit katika ufamasia. Alilijua hilo kuliko sisi. Usiku ule hakula.

Mimi nilifundisha hisabati sekondari kwetu Tanga mpaka nilipostaafu, kabla sijamfuata binti yangu huku ugenini, na jioni nilisomesha Qurani. Namshukuru Mungu kwa kazi zote mbili. Kazi ya kwanza ilinifunza kwamba alama peke yake ni bubu. Hamsini na sita ni nyingi au chache? Huwezi kujibu mpaka ujue wenzake wamepata nini. Nikapanda taxi mpaka shuleni Queensburgh kumwona mwalimu wake wa hisabati, Mkongomani tunayemfahamu hapa mtaani kwetu Umbilo, mtu anayejulikana kwa ukali wa kalamu.

"Mzee, miye sitoake points ya bure," akaniambia kwa Kiswahili cha kwao. "Huyu mutoto iko wa pili mu darasa nzima. Wa pili!"

Akanitafutia alama za darasa lao kwa masomo yote, bila majina, tuende nazo kwenye kikao cha wazazi na mshauri wa wanafunzi, anayeamua nani aingie hisabati ipi. Watoto ni thelathini na sita, na hao hao ndio wanaosoma pamoja kila somo.

Baada ya swala ya alasiri tukakaa mezani, mjukuu na kikokotoo chake, mimi na kalamu. Kazi yenyewe si ngumu. Kwa kila somo unatafuta wastani wa darasa, kisha unatafuta mkengeuko, yaani alama kwa kawaida zinatawanyika umbali gani kutoka kwenye wastani huo. Unachukua alama ya mtoto, unaondoa wastani, unagawanya kwa mkengeuko. Jibu linaitwa alama z. Likiwa sifuri, mtoto yuko katikati. Likiwa chanya yuko juu, likiwa hasi yuko chini. Hapo masomo yote yanakuwa yamewekwa kwenye mizani moja.

Hisabati: wastani thelathini na nane, mkengeuko tisa. Hamsini na sita iko juu kwa kumi na nane. Gawanya kwa tisa.

"Mbili!" mjukuu akapiga meza. "Babu, ni mbili nzima!"

Sayansi ya jamii, ile themanini na tatu iliyoongoza ripoti: wastani themanini, mkengeuko sita. Nusu tu. Karibu darasa zima lilikuwa limezunguka hapo hapo kwenye themanini.

Nikamweleza na persentaili, kwamba ni kusema katika kila watoto mia umewapita wangapi. Jedwali la vitabuni linasema z ya mbili huwapita karibu tisini na wanane, lakini hilo ni pale alama zinapotawanyika kwa umbo la kengele, na darasa dogo halina umbo hilo sawasawa. Kwa hiyo tukahesabu kwenye orodha yenyewe: amewapita thelathini na wanne kati ya thelathini na sita, yaani tisini na nne katika mia. Nikaandika hiyo, maana ndiyo ndogo na ndiyo ya kweli.

Ikaja safu ya Kiingereza. Wastani sabini, mkengeuko sita. Sitini na moja iko chini kwa tisa. Hasi moja na nusu. Amewapita watoto watatu tu, nane katika mia.

Mjukuu akaweka kikokotoo chini. Sitini na moja ile hakuna aliyekuwa ameitilia shaka, kwa kuwa ilikuwa kubwa kuliko hamsini na sita.

"Babu, andika hesabu tu," akasema taratibu.

Mama yake alisikia kutoka jikoni. "Baba, wao wameuliza hesabu. Kiingereza nani amekuuliza?"

"Nikipima, napima chote," nikasema. "Mungu amewaonya wanaopunguza mizani."

"Mungu hakai kwenye kile kikao, Baba. Ninakaa mimi."

Niliandika safu zote.

Mshauri wa wanafunzi alitupokea vizuri. Alizungumza Kiingereza, na binti yangu akawa ananipa maneno yaliyonipita. Alisoma karatasi kwa makini, akauliza swali la mtu anayejua kazi yake: pengine darasa lote ni dhaifu, kwa hiyo kuwa wa pili humo si kitu? Nikamjibu kwamba z haiwezi kumpima na watoto wa darasa jingine, hilo ni kweli. Lakini hapa ninampima na wenzake hao hao katika kila somo, na kati ya masomo yake yote hisabati ndiyo inayomweka juu zaidi. Akaitikia kwa kichwa. Akasema mwalimu wa hisabati ameshamwombea ruhusa ya kusoma hisabati kamili badala ya Maths Lit, na yeye alikuwa tayari kuisaini. Kalamu alikuwa nayo mkononi.

Kisha kidole chake kikashuka kwenye safu ya Kiingereza.

"Hii hatukuiona," akasema. Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Mtoto wa namna hii, akaeleza, anapaswa kuingia darasa la msaada wa Kiingereza, na darasa hilo liko kipindi kile kile cha hisabati kamili. Ratiba ya Maths Lit haigongani nalo, akasema, akaiweka kalamu chini bila kusaini. Akanishukuru kwa kazi nzuri. Akaomba abaki na nakala.

Nje, tukiwa kwenye robot, taa za barabarani, tunangoja kuvuka, mjukuu hakunitazama. Binti yangu alisema neno moja tu: "Chote."

Baadaye tulisikia kwamba mtoto mwingine wa darasa lao, aliyepata sitini kamili, ameingia hisabati kamili bila swali. Kiingereza chake sikijui. Hakuna babu aliyempelekea karatasi.

Nimeswali juu ya jambo hili mara nyingi. Nashukuru kwa afya, kwa paa, kwa mtoto anayesoma. Nikiulizwa leo nitaandika zile safu zote tena, na najua nikisema hivyo nyumbani kwangu nitawaudhi wote wawili. Subira nimeisomesha wengine miaka mingi. Sikuwahi kuambiwa kwamba ina ladha hii mdomoni.

Mwaka mpya ulipoanza alikwenda Maths Lit. Wanajumlisha risiti za dukani na kupanga bajeti za harusi za watu wasiokuwapo. Ripoti ya kwanza ilipotoka aliiweka mezani mbele ya mama yake, si mbele yangu. Tisini na moja. Binti yangu akapiga vigelegele kidogo, kisha akaacha.

"Wastani wa darasa ni ngapi?" nikauliza, mazoea ya kazi.

Mjukuu wangu akaichukua ripoti, akaikunja, akaitia kwenye begi na kufunga zipu.

"Babu," akasema, "usinipime tena."