Barua ya Kumwombea Ubingwa wa Watoto

Miaka ile maduka ya dawa ya watu binafsi yalipoanza kufunguliwa Masasi, nilikuwa msimamizi wa wodi ya watoto. Chini yangu alikuwapo daktari wa mafunzo, binti wa wakulima wa korosho wa Newala. Alitaka kwenda kusomea ubingwa wa watoto, na chuo kilidai barua kutoka kwangu.

Katikati ya mafunzo alipata kifua kikuu. Tulimpa dawa za wakati ule, pamoja na sindano za streptomaisini kila siku kwa miezi miwili. Akapona, akarudi wodini.

Msimamizi huandika anayoyaona. Baada ya ugonjwa niliandika katika taarifa zake kwamba anawaomba akina mama warudie maneno. Kisha aliletwa mtoto kutoka Chilangala. Daktari wangu alimwekea kipimo cha kusikilizia mapafu mgongoni, akasikiliza muda mrefu.

"Mapafu sisikii kitu," alisema. "Lakini anapumua haraka, na mbavu zinabonyea ndani. Ni nimonia. Tuanze dawa."

Nikasikiliza mwenyewe. Ule mlio mwembamba, kama nywele zinazosuguliwa karibu na sikio, ulikuwa wazi kabisa. Wiki iliyofuata ikawa vilevile kwa mtoto mwingine. Sindano zilizomwokoa zilikuwa zimemla masikio, na kwa uharibifu ule hatukuwa na dawa.

Nilimwita ofisini.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Kaa karibu. Umeanza lini kutosikia?"

Alinitazama mdomoni. "Tangu sindano ziishe. Kengele zinalia ndani hazinyamazi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungefanya nini?"

Nikamwambia kwamba katika barua ile sitaweza kuificha hali hiyo, kwa sababu watakaompokea watamwachia watoto wa watu.

"Andika," alisema. "Ila andika na yale ninayoyaona kwa macho."

Niliandika hivyo. Nikataja mtoto wa Chilangala, jinsi alivyohesabu pumzi na kutazama kifua, na kwamba dawa ilianza mapema. Nikaandika kwamba mlio wa mapafu hakuusikia, mara mbili mbele yangu, baada ya matibabu ya kifua kikuu. Nikaomba apimwe masikio kabla ya kuamuliwa, na apewe nafasi kadiri itakavyowezekana. Niliichana rasimu ya kwanza kwa sababu ilisikika kama rambirambi.

Chuo kilimwita akapimwe Dar es Salaam. Majibu yalisema hasara ni ya kudumu, na nafasi ya watoto wakampa mwingine. Walimshauri aombe maabara ya magonjwa, kazi ya darubini. Hakuomba.

Alipopita kuniaga, akielekea kwao kwa basi la Newala, nilimwambia kwamba bado ni daktari mzuri. Akaniomba nirudie. Nikarudia kwa sauti kubwa, mpaka wauguzi wa koridoni wakageuka, na yeye akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa saa ya basi.