Kadi za Biolojia

Januari 1998, baada ya mvua zile kubwa, malaria ilimchukua mdogo wangu. Mwalimu mkuu wake alikuja matangani, akala pilau, akawaambia wanaume kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kusoma kwa kadi. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Nilinyamaza. Leo sinyamazi.

Aliyetengeneza sanduku la kadi hizo ni mdogo wangu. Alitaka uuguzi, na Biolojia ilikuwa inamwangusha. Alichukua katoni ya majani ya chai, akaigawa vyumba vitano kwa vipande vya manila. Kila kadi ilikuwa na swali mbele na jibu nyuma. Mimi niliishia darasa la sita, lakini kumsomea swali niliweza. Akipata, kadi inasogea chumba kimoja mbele. Akikosa, hata kama imefika cha nne, inarudi cha kwanza. Cha kwanza tulikipitia kila siku, cha pili kila baada ya siku moja, cha tatu kila wiki, na vile vya nyuma mara chache zaidi. Nikimwonea huruma kwamba amekaribia jibu, alikasirika.

"Abaayo, dada yangu, mtihani hauna huruma. Rudisha."

Muhula wa mwisho wa kidato cha nne, wageni wa ofisi ya elimu walikuja shuleni. Mwalimu mkuu aliazima sanduku awaonyeshe. Chumba cha kwanza kilikuwa kimejaa na cha mwisho kina kadi chache, naye akaona ni aibu. Kwa mikono yake akahamishia kadi zote nyuma kabisa, ionekane shule yake inajua kila kitu. Wageni wakapiga makofi. Mtu ana shahada, na hakujiuliza vile vyumba ni vya nini.

Mdogo wangu alilifungua sanduku nyumbani, akakuta vyumba vinne vitupu. Hakukuwa na njia ya kujua ipi anaijua na ipi haijui. Nilimwambia tukisie. Alikataa, akarudisha zote chumba cha kwanza. Usiku ule tulisoma mpaka sauti ikanikauka. Alizozijua zilipanda upesi, zile ngumu zikabaki palepale, zikajitambulisha zenyewe.

Alipata B ya Biolojia. Mwalimu mkuu akatuma mtu aje kuchukua sanduku, aliweke kwenye kabati la kioo ofisini.

"Mwambie si kikombe cha mpira," mdogo wangu alimjibu.

Jioni hiyo alimwita binti wa jirani, aliyekuwa kidato cha tatu, akakusanya kadi zote chumba cha kwanza na kumsomea ya juu: mshipa gani hutoa damu mapafuni kuipeleka moyoni?

"Ateri," binti akasema.

Ni vena. Mdogo wangu akamgeuzia kadi asome jibu, kisha akairudisha chumba cha kwanza, nyuma ya zile nyingine.