Maji ya Wali wa Watu Wengi

Mimi shule nilikaa kidogo, nikajua kusoma na kuandika jina langu, basi. Lakini nimelisha kijiji kizima na hakuna aliyerudi nyumbani na njaa. Wasomi wangapi wanaweza kusema hivyo?

Nilizaliwa Korogwe, kwenye kambi ya mkonge. Mama yangu alikuwa mpishi wa wakata mkonge. Sufuria yake ilikuwa kubwa, ukimtumbukiza mbuzi mzima humwoni. Mimi nilijifunza kupika kwa watu wengi kabla sijajua kupika kwa watu wachache. Nilipoolewa Handeni, kwenye kijiji cha ujamaa karibu na Sindeni, wali wa kwanza niliompikia mume wangu ulibaki na kiini. Alikula akamaliza. Mume mzuri yule.

Handeni ni watu wa mahindi. Ugali wanaujua, makande wanayajua, hapo huwafundishi kitu. Wali ulikuwa wa Idi, sufuria ndogo, watoto wanalamba mpaka mwiko. Mwaka ule nilioolewa mahindi yakakubali, kijiji chetu kikabadilishana na kijiji kimoja cha mabondeni Korogwe: sisi tukatoa mahindi, wao wakatupa mchele. Wazee wakaamua siku ya kuvuna shamba la ujamaa tule wali, na wageni wa kijiji jirani cha Kwaluguru waje kusaidia, wale nao.

Kule kwa mume wangu bibi harusi hupikishwa. Siku ya kazi ya watu wengi unapewa jiko, mawifi wanakuzunguka, wanakuchotea maji, wanakupimia, wanakusema. Wewe huruhusiwi kujibu. Ukiharibu, unapewa jina, na jina la jikoni halifutiki. Alikuwapo mama mmoja mtu mzima, ana wajukuu, wanamwita Mama Mkaa mpaka leo yuko kaburini. Mimi nilishasikia langu linaandaliwa. Wifi yangu mkubwa, dada yake mume wangu, aliwaambia wenzake nikisikia, "Huyu wa mkonge tutamwita Mama Uji."

Wifi huyo ndiye aliyekuwa mwenye jiko la kijiji. Mwanamke mnene, mzuri wa sura, ulimi kama kisu cha mkonge. Alileta kopo la kupimia, lile linaloingia kilo moja ya mchele, akapima mchele makopo ishirini, nikauchambua nikauosha. Halafu akamimina maji kwenye sufuria iliyokuwa motoni, anahesabu kwa sauti wote wasikie. Alipofika makopo arobaini akafuta mikono.

"Kopo moja la mchele, mawili ya maji," akasema. "Hata mtoto anajua. Au kwenu mlikuwa mnapika kwa mate?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikatazama chini kama mwali mwenye adabu, lakini moyoni nikasema, leo tumekwisha.

Kwa sufuria ya Idi alikuwa sahihi kabisa. Kopo moja, maji mawili, wali unatoka vizuri. Lakini mchele wenyewe haunywi makopo mawili. Kopo la mchele linakunywa kama kopo moja la maji, labda na kitone. Lile jingine linaondoka na mvuke. Sasa sufuria kubwa ina tumbo kubwa, ila mdomo wake haukui kwa kiasi hicho. Mvuke unatokea mdomoni. Ukizidisha mchele mara ishirini, maji ya kunywa yanazidi mara ishirini, ya mvuke hayazidi hivyo. Mama yangu kwa makopo ishirini alikuwa anaweka maji ishirini na sita, siku ya kuni mbaya ishirini na saba. Yale arobaini yangetupa uji wa kuchota kwa upawa, na Kwaluguru wangeimba habari zake mpaka masika.

Kusema siwezi. Kumwaga siwezi vilevile, maana maji yetu yalitoka lamboni, mbali, kichwani. Ukimwaga maji Handeni ni bora umtukane mtu mama yake.

Pembeni maharage yalikuwa yanachemka, tuliyaloweka tangu jana yake. Maharage hayana kipimo cha kuapia. Nyumbani kopo moja linaweza kutaka maji manne, kwa sababu yanakaa motoni muda mrefu na sufuria ndogo inakauka upesi. Kwenye sufuria kubwa mawili na nusu yanatosha, unayafunika, unachungulia, yakichomoza vichwa unaongeza maji ya moto. Ya baridi yanayashtua, yanaacha kuchemka. Nikachungulia. Yalikuwa yamechomoza vichwa kweli, namshukuru Mungu.

"Wifi," nikasema kwa sauti ya asali, "maharage yana kiu. Naomba nichote haya ya wali yaliyochemka."

"Chota."

Nikachota makopo sita. Chungu cha adesi, jamii ya dengu, tulizowapikia wazee wasio na meno, nikakiacha. Adesi kidogo unaweka maji mara tatu, nyingi mara mbili na kidogo, na zikikaa zinazidi kuwa nzito. Zile ziko sawa, ukiongeza unaogesha watu.

Yakabaki makopo thelathini na manne. Manane ya ziada niyapeleke wapi? Nikamwona mama mkwe amekaa kwenye kigoda, miguu ina vumbi la shamba.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Umechoka. Nikupelekee maji ya moto ukaoge kabla wageni hawajafika?"

Mama mkwe akanitazama kama nimempa ng'ombe. "Marahaba mwanangu. Hawa niliowazaa mwenyewe hawajawahi kuniuliza."

Wifi akasukuma kuni ndani ya moto. Atasema nini, mama yake asioge? Nikachota manane kwenye ndoo, mmoja wa mawifi akaipeleka bafuni. Nikatia mafuta na chumvi, nikamimina mchele, nikakoroga mara moja. Maji yalipoanza kuzama nikapunguza kuni, nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko.

Hapo ndipo wifi alipopiga hesabu. Akaja na kopo limejaa maji.

"Umeyamaliza maji yangu. Wali utakuwa changarawe. Funua niongeze."

"Wifi, makaa yako juu. Tukifunua majivu yanaingia."

"Yaondoe."

"Nikiyaondoa yatapoa, nitayawasha na nini? Na mama anatoka kuoga sasa hivi."

"Una maneno mengi kwa mtu aliyekatazwa kusema."

"Ndiyo, wifi."

Akasimama na kopo lake kama askari wa zamu. Kwaluguru wakafika, wakanawa, wakakaa. Mama mkwe akatoka bafuni anang'aa, akasema, "Pakueni, watu wana njaa."

Nikakusanya makaa, nikapangusa mfuniko, nikafunua. Nikatia mwiko pembeni mpaka chini, nikapindua. Punje ziliachana, moja moja, na ukoko mwekundu chini. Mgeni mmoja wa Kwaluguru, mzee mwenye mdomo, alitia tonge, akatafuna, akachungulia sahani akitafuta kasoro. "Kumbe na nyinyi mnakula chakula," akasema mwisho, akaongeza tonge.

Wifi alikula sahani mbili. Ya kwanza alisema chumvi imepungua. Ya pili akaikomba mpaka ukoko. Wenzake walimtazama wakingoja atamke lile jina, naye akajifanya anatoa mwiba wa kuni kidoleni.

Siku ya kazi iliyofuata nilikuwa naosha mchele akanijia. Hakunitazama. Alinyoosha lile kopo akaliweka mkononi mwangu.

"Pima mwenyewe," akasema, akaenda kuchochea maharage.