Binti wa Mpiga Kengele

Mimi sichelewi. Nalisema mapema kwa sababu ndilo jambo pekee ninalojivunia bila haya, na watu wa nyumbani kwangu watakwambia ndilo linalonifanya niwe mtu wa kuchosha. Nililelewa na bibi yangu karibu na Bodo, na shule ya msingi ilikuwa ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari. Maji yakitoka navuka kwa miguu katikati ya mikoko, nguo nimezikunja. Maji yakijaa nazunguka mbali, mkoba wangu wa turubai la buluu kichwani. Miaka minane sikuwahi hata siku moja kuikuta kengele imeshalia. Wenzangu walioishi hatua chache na shule walikuwa wakipangwa mstari mbele ya mwalimu wa zamu, na fimbo yake. Mimi nikipita nikiwatazama, nikijiona mtu.

Siku hizi nafundisha chekechea Msambweni, na Jumamosi huwa mshereheshaji. Sina sauti nzuri wala sichezi. Wananiita kwa sababu nafika kabla ya viti.

Mwaka jana shule hiyo yangu ya zamani ilifanya siku ya kutoa zawadi. Mgeni wa heshima alikuwa daktari wa mifugo, anayetibu ng'ombe na mbuzi huko Kinango mpaka Samburu. Tulisoma naye darasa moja. Baba yake ndiye aliyekuwa askari wa shule, na ndiye aliyekuwa akipiga kengele, yaani rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwarobaini, anaigonga kwa nondo. Mwalimu mkuu akanipa dakika mbili nimtambulishe, akaongeza kuwa jamaa wote wa mgeni watakuwepo, "kwa hivyo utie utamu kidogo."

Huo utamu ndio unaoniogopesha. Mgeni akiwa na watu wake mbele yako, ulimi unawasha, unataka kuwachekesha wao. Niliwahi kufanya hivyo. Nilimtambulisha rafiki yangu kwa kisa cha bwenini tulichokijua watu watano. Watano wakacheka mpaka wakapigana mabega. Mia tatu wakatazamana, na mama mkwe wa mgeni akamuuliza jirani yake, kwa sauti iliyofika jukwaani, huyo mkwe wake alikuwa akifanya nini huko bwenini. Tangu hapo nikijua familia ya mgeni itakuwepo, naenda kwao kwanza. Nauliza nani atakuja, aitweje, nini kisitajwe.

Basi siku moja kabla nikaenda. Nikapewa chai na mahamri, na kaka zake wawili wakanishambulia.

"Dada, lazima useme 'kengele bado'," akasema mkubwa.

"Ndiyo nini hiyo?"

Walicheka kwanza, maana ndivyo mizaha ya nyumbani ilivyo, mwenyewe lazima acheke kabla hujaelewa. Kisha wakanieleza. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya shule. Dada yao alikuwa mzito wa kutoka, na kila asubuhi akichungulia dirishani. Akimwona baba amesimama chini ya mwarobaini, nondo mkononi, hagongi, alijua anangojewa, basi anamalizia chai yake taratibu. "Kengele bado," anasema. Mpaka leo katika nyumba ile mtu akihimizwa kuoga au kulala, jibu ni hilo.

Nilicheka, nakiri. Kilikuwa kisa kizuri. Mzee mwenyewe, baba yao, hakucheka. Alikuwa kwenye kiti chake, anageuza geuza kikombe.

Nilipoaga, akanisindikiza kwa mkongojo mpaka barabarani.

"Mwanangu, usikiseme kile," akaniambia. "Pale mbele atakaa mwalimu mkuu, watakaa wakubwa wa elimu. Nilikuwa mwajiriwa. Kazi yangu ilikuwa moja, saa ikifika nigonge. Watoto wa watu walikuwa wakichapwa kwa kuchelewa. Leo waambiwe nilikuwa nikimzuilia kengele binti yangu? Nimeishi na watu hawa, na ndio watakaonizika."

"Nimekusikia, baba. Sitasema."

Akataka kuongeza neno, akaliacha. Nikadhani ni uzee.

Siku yenyewe nilifika kabla ya viti. Ikasomwa dua, mchungaji naye akaomba, wakaimba watoto. Familia ikakaa safu ya pili, mzee amevaa kanzu nyeupe na kofia mpya. Kaka mkubwa alikuwa na simu juu tayari kurekodi, na kila nikimtazama anagonga hewa kwa nondo asiyokuwa nayo. Nikamkazia macho ninayowakazia watoto wa chekechea wanaokula chaki. Akaendelea tu.

Nikashika maikrofoni. Kikaratasi changu kilikuwa na mistari sita.

"Yeyote aliyewahi kukimbia kwa sababu ya rimu ile pale," nikasema, nikiuonyesha mwarobaini, "naomba anyooshe mkono."

Mikono ikaanza kwa watoto. Kisha akanyoosha chifu. Imamu akanyoosha. Wauza samaki waliokuja kutazama tu nje ya hema wakanyoosha. Na mwalimu mkuu, ambaye nilikuwa nimesahau kuwa naye alisoma hapo, akanyoosha.

"Aliyetukimbiza wote yuko safu ya pili, mwenye kanzu. Baba, usisimame, tunakuona. Binti yake alijifunza kuamka mapema katika shule hii, na sasa huamka mapema kuliko ng'ombe wa Kinango. Amewatibu wakati wa kiangazi, wafugaji wakampa mbuzi wagonjwa, akawarudishia wakiwa wazima. Ndiye mgeni wetu wa heshima. Tumpokee, daktari wa mifugo." Nikataja jina lake mwisho, ili makofi yajue pa kuanzia.

Daktari hakwenda moja kwa moja kwenye maikrofoni. Alishuka mpaka safu ya pili, akainama, akasema shikamoo. Mzee akaitika marahaba, mkono juu ya kichwa chake, na hema zima likapiga makofi tena. Hata kaka mkubwa aliishusha ile simu, akajifuta macho kwa kola. Nilijiona nimeifanya kazi.

Baada ya pilau, mzee akaniita. Nikaketi mkekani kando ya kiti chake.

"Umesema vizuri," akasema. "Hukuniaibisha."

"Nilikuahidi, baba."

"Lakini umesema binti yangu aliamka mapema. Yule hakuamka mapema hata mara moja." Akauegemeza mkongojo kwenye kiti. "Na mimi sikuwa nikimngojea. Kwa nini nimngojee? Alilala hatua ishirini na kengele. Angechapwa, angejifunza."

Nikasogea karibu zaidi.

"Kabla ya kuajiriwa nilivua. Maji nayajua. Siku yanapojaa alfajiri, nilikuwa nikisimama na nondo nikitazama kule mikokoni, mpaka nione mkoba wa buluu. Nikiuona umefika pale kwenye mnazi, nagonga. Watoto wangu wakadhani ni dada yao. Nikawaacha, ni furaha yao. Ila wewe usimame mbele za watu useme kisa chako mwenyewe, na hujui ni chako, hilo sikulitaka."

Nilikumbuka ule mstari wa watoto mbele ya mwalimu wa zamu, na mimi nikipita. Nikamshika mzee mkono nikalia, mtu mzima, na wanja ukanichirizika hadi kidevuni.

Kwenye vipaza sauti wakaniita nikafunge shughuli. Wakaniita mara ya pili. Nikataka kuinuka.

"Kaa," akasema mzee. "Wangoje."